Jina la Kwenye Fomu na Jina la Kwenye Wosia: Fedha za Marehemu Humfuata Nani?

Mada hii ilitolewa na Mwanasheria wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, ikiwa ni sehemu ya elimu ya sheria kwa umma. Inachapishwa hapa pamoja na majibu ya maswali yaliyoulizwa baada ya mada.



Watu wengi huamini kwamba mtu akishaandika wosia, basi kila alichokuwa nacho kitagawanywa kwa kufuata wosia huo: nyumba, shamba, ng'ombe, fedha za benki, bima na mafao ya kazini. Imani hiyo ni sahihi kwa baadhi ya mali, wala si kwa zote. Wosia hugawa mali ya marehemu, yaani ile inayoingia katika mirathi yake. Zipo fedha ambazo hulipwa kwa sababu ya kifo chake, lakini hazipitii mlango wa mirathi hata kidogo. Fedha za bima ya maisha na mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii ndizo kubwa miongoni mwa hizo. Familia hupata mshtuko pale inapokwenda na wosia mkononi na kuambiwa kwamba wosia huo, pamoja na kuwa halali, hauhusiki na fedha zinazodaiwa.

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, na haumhusu mtu yeyote wa kata hii.

Mwalimu mmoja aliajiriwa mwaka 2009 akiwa kijana asiye na mke. Mwaka huohuo alikata bima ya maisha ya shilingi 24,000,000. Katika fomu ya maombi palikuwa na sehemu ya kumtaja mnufaika, yaani mtu atakayelipwa iwapo mwenye bima atafariki. Mwalimu aliandika jina la kaka yake, ndiye aliyemsomesha, na mbele ya jina hilo akaandika asilimia 100. Mwaka 2014 alioa. Mungu akamjalia watoto wawili. Mwaka 2021 aliandika wosia kwa taratibu zote, wenye mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, na ndani yake akasema wazi: "Fedha za bima yangu ya maisha apewe mke wangu na watoto wangu wawili, kila mmoja sehemu sawa." Wosia ukafungwa katika bahasha na kuhifadhiwa. Fomu ya mwaka 2009 ilibaki kama ilivyokuwa katika jalada la kampuni ya bima. Mwaka 2024 mwalimu akafariki.

Mjane alikwenda kwenye kampuni ya bima akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na wosia. Kaka wa marehemu naye alikwenda, akiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chake cha Taifa. Je, nani alilipwa?

Kampuni ilimlipa kaka. Haikufanya hivyo kwa upendeleo wala kwa kuudharau wosia. Bima ya maisha ni mkataba kati ya kampuni na mwenye bima. Kampuni iliahidi kwamba, iwapo ada zitalipwa na kifo kikatokea, itamlipa mtu aliyetajwa. Ahadi hiyo huandikwa katika hati ya bima, na mtu anayetajwa hujulikana kwa fomu iliyo ndani ya jalada. Masharti ya hati nyingi za bima huruhusu mnufaika kubadilishwa wakati wowote mwenye bima akiwa hai, lakini kwa taarifa ya maandishi inayoifikia kampuni. Wosia uliofungwa kabatini si taarifa iliyoifikia kampuni. Aidha, wosia huanza kufanya kazi pale mwenyewe anapofariki, na saa hiyo haki ya mnufaika aliyetajwa kwenye fomu huwa nayo imekwisha kuiva. Kwa hiyo, nyaraka mbili zilizosainiwa na mtu yuleyule zilisema mambo mawili tofauti, na kila moja ilisomwa na mtu ambaye hakuwa na wajibu wa kuisoma nyingine. Afisa madai wa bima husoma fomu. Hakimu wa mirathi husoma wosia.

Hapa ni lazima kuonya juu ya neno moja. Fomu nyingi za bima, za vyama vya akiba na mikopo na hata za waajiri, huweka neno "mrithi" mahali palipopaswa kuandikwa "mtu wa kulipwa". Anayejaza hudhani anataja mtu wa kupewa taarifa tu, au hudhani anafanya wosia mdogo. Kumbe kwa upande wa bima anatoa agizo la malipo. Kabla ya kuandika jina, mwananchi amwulize wakala swali moja: "Je, huyu ninayemwandika ndiye atakayelipwa, au ni wa kupewa taarifa?" Jibu likionekana pia katika hati yenyewe ya bima, ndipo asaini.

Sasa tubadilishe mfano kidogo. Tuseme kaka aliyetajwa alifariki mwaka 2018, kabla ya mwalimu, na hakuna jina jingine lililoandikwa. Au tuseme sehemu ya mnufaika iliachwa wazi tangu mwanzo. Katika hali hiyo kampuni haina mtu wa kumlipa moja kwa moja. Kwa kawaida fedha huingia katika mirathi ya marehemu, na kampuni hutaka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani kabla ya kulipa. Hapo ndipo wosia unapopata nguvu. Zile shilingi 24,000,000 sasa ni mali ya marehemu, na zitagawanywa kama wosia ulivyoagiza.

Lakini kupita mlango wa mirathi kuna gharama zake. Kwanza ni muda: familia hukaa kikao, hupendekeza msimamizi, hufungua shauri, hutangaza, husubiri pingamizi, na ndipo msimamizi huteuliwa. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi aliyeteuliwa hupaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, kisha hesabu ya mgawanyo. Pili ni madeni. Msimamizi hulipa kwanza gharama za mazishi na madeni ya marehemu, halafu hugawa kinachobaki. Iwapo mwalimu alikuwa na deni la shilingi 3,000,000, na hakuna mali nyingine ya kulilipa, zitabaki shilingi 21,000,000. Mjane na watoto watapata shilingi 7,000,000 kila mmoja badala ya 8,000,000. Angekuwa amebadilisha fomu na kuwataja wao watatu kwa majina na sehemu zao, wangelipwa na kampuni bila kusubiri shauri la mirathi.

Kwa hiyo wosia na fomu havishindani. Fomu ndiyo hutangulia. Wosia hushika nafasi pale fomu inapokuwa tupu au jina lililomo halipo tena duniani. Mwenye busara huzifanya mbili hizo ziseme neno moja.

Ndugu wananchi, hayo ni ya bima ya maisha. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii yana kanuni nyingine, na kosa kubwa ni kudhani kwamba ni ileile.

Watumishi wa umma, wakiwamo walimu, wauguzi na watendaji wetu, wamo katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko minne ya awali. Walio katika sekta binafsi, pamoja na wengi waliojiajiri, huchangia katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Katika mifuko hii, mwanachama anapofariki, mafao ya warithi hayamfuati mtu aliyetajwa kwenye wosia, wala hayamfuati mtu yeyote ambaye mwanachama alipenda kumwandika. Sheria yenyewe imewataja wategemezi: mjane au mgane, watoto ambao bado ni wadogo au wako masomoni kwa viwango vya umri vilivyowekwa, na wazazi. Fomu ambayo mwanachama hujaza husaidia mfuko kuwatambua watu hao. Haimpi mwanachama uhuru wa kuwaruka.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme alipoajiriwa aliandika jina la kaka katika kumbukumbu za mfuko pia, akiwa kijana asiye na familia, na hakulibadilisha. Katika bima, jina hilo lilimpa kaka fedha zote. Katika mfuko, jina hilo halimwondoi mjane wala watoto, kwa kuwa wao ndio wategemezi mbele ya sheria, na kaka si miongoni mwao. Hata hivyo, fomu iliyopitwa na wakati huwatesa. Mfuko haumjui mjane, hauwajui watoto, na kila mmoja atalazimika kuthibitishwa upya kwa vyeti. Ikiwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina moja la baba na kumbukumbu za ajira zina jina jingine, malipo husimama hadi majina yathibitishwe kuwa ni ya mtu mmoja. Familia nyingi huchelewa kwa sababu hiyo, ingawa haki yao haikuwahi kubishaniwa.

Kutokana na kanuni hiyo hutokea ugomvi mwingine. Mtoto mkubwa wa marehemu, mwenye umri wa miaka 30 na kazi yake, ni mrithi wa nyumba na shamba la baba yake sawa na wadogo zake kadiri sheria ya mirathi inayohusika inavyoelekeza. Lakini kwa mfuko huyo si tegemezi tena. Anapoona mdogo wake anayesoma sekondari ameingizwa katika malipo na yeye ameachwa, hudhani kwamba mama wa kambo amefanya hila. Hakuna hila. Mirathi huuliza: nani ni mrithi? Mfuko huuliza: nani alikuwa akimtegemea marehemu kwa mujibu wa sheria? Hayo ni maswali mawili, na orodha za majina hutofautiana. Hata pale mfuko unapoomba barua ya usimamizi wa mirathi miongoni mwa vielelezo, msimamizi asidhani kwamba amepewa ruhusa ya kugawa mafao ya mjane na watoto kwa ukoo mzima.

Limebaki jambo moja zito, nalo linahusu bima. Je, aliyetajwa kwenye fomu, akishalipwa, fedha ni zake kabisa, au amezipokea kwa niaba ya familia?

Swali hili liliwahi kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1984. Bwana mmoja alikuwa na hati mbili za bima ya maisha, kila moja ya rupia 10,000, na zote alimtaja mke wake. Alifariki mwaka 1967 bila wosia, akaacha mke, mwana na mama mzazi. Mke alidai kwamba fedha zote ni zake kwa kuwa ndiye aliyetajwa. Mama na mwana walidai kuwa kila mmoja ana theluthi. Mahakama ilikubaliana na mama na mwana: kutajwa kwenye fomu kulimpa mke haki ya kupokea tu, na aliyepokea alipaswa kuwafikishia warithi sehemu zao. Mwaka 2015 Bunge la India lilibadilisha sheria, na tangu hapo mzazi, mwenza au mtoto aliyetajwa huchukua kama mwenye mali, si kama mpokeaji tu.

Uamuzi wa India haufungi mahakama zetu, na ulitegemea maneno ya sheria ya bima ya huko. Lakini wanasheria wetu huwa wanaitazama India katika mambo haya, kwa kuwa sheria yetu ya mikataba ilifuata mfano wa India, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 hutumika hadi leo Tanzania Bara kwa baadhi ya mirathi. Funzo lake ni kwamba kampuni ikishamlipa aliyetajwa, yenyewe imemaliza wajibu wake. Familia bado inaweza kuulizana mahakamani kuhusu nani hasa ni mwenye fedha. Kwa hiyo katika mfano wetu, mjane hakufungiwa kila mlango. Lakini sasa anadai kwa shemeji yake, fedha zikiwa zimekwisha kutoka, na pengine zimekwisha kutumika. Kushinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu ni ushindi wa karatasi.

Ndiyo maana mwenye bima anayekusudia mtu apokee kwa niaba ya wengine, aseme hivyo kwa maandishi. Na anayekusudia fedha ziwe za huyo aliyetajwa, naye aseme hivyo. Wosia wake urudie maneno yaleyale, kwa kutaja namba ya hati ya bima. Pakiwa na maneno mawili yanayolingana, ugomvi hukosa pa kushika.

Namna ya kufanya hayo si ngumu. Mwenye bima aandike barua kwa kampuni kuomba taarifa ya mnufaika aliyemo katika jalada lake hivi sasa. Asitegemee kumbukumbu yake wala nakala ya zamani. Akitaka kubadilisha, ajaze fomu ya kubadili mnufaika, aandike majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, aweke asilimia ya kila mmoja mpaka zifike 100, na ataje mnufaika mbadala iwapo wa kwanza atatangulia kufa. Kisha asiondoke bila nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ndiyo ingemwokoa mjane wa mwalimu. Kwa upande wa mfuko wa hifadhi ya jamii, mwanachama apeleke taarifa kila anapooa au kuolewa, anapopata mtoto, na ndoa inapovunjwa na mahakama.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kutaja jina lake peke yake hakutoshi. Hawezi kupokea fedha nyingi kwa mkono wake, na kampuni itadai mlezi anayetambulika. Mwenye bima amtaje mtoto kuwa mnufaika, na katika wosia amtaje mtu atakayesimamia fedha hizo hadi mtoto atakapokua.

MASWALI NA MAJIBU

Mkazi mmoja aliuliza: "Mzee wetu alishafariki, na tumegundua kwamba bima imemtaja mke aliyeachana naye zamani. Fedha bado hazijalipwa. Tufanye nini?"

Mwanasheria alijibu kwamba muda ndio jambo kubwa. Familia iiandikie kampuni mara moja barua ya pingamizi, ikiambatanisha hati ya talaka ya mahakama na wosia kama upo, na ichukue nakala yenye mhuri. Kampuni ikijua kuna mgogoro, huwa na sababu ya kusubiri. Lakini barua peke yake haiwezi kuzuia malipo siku zote; wenye madai wanapaswa kwenda mahakamani kuomba amri. Talaka yenyewe isihesabiwe kuwa imefuta jina kwenye fomu. Aidha alieleza kwamba ikiwa mgogoro ni dhidi ya kampuni inayokataa au kuchelewesha kulipa, malalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mgogoro wa ndugu kwa ndugu ni wa mahakama.

Mama mmoja aliuliza: "Sisi Waislamu wosia wetu una mipaka. Je, nikimtaja binti yangu mmoja kwenye bima, nimewadhulumu wengine?"

Mwanasheria alijibu kwamba katika sheria ya Kiislamu wosia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi haongezewi kwa wosia bila ridhaa ya warithi wenzake. Kampuni ya bima haichunguzi hayo, humlipa aliyeandikwa. Kwa hiyo asiyetaka kuwaachia watoto wake swali hilo, aidha awataje warithi wote kwa sehemu zao, au aandike kwamba aliyetajwa anapokea kwa niaba ya warithi wote, ili wagawane kwa hesabu ya mirathi. Kwa ufafanuzi wa hukumu ya dini, alimshauri amwone kadhi au sheikh wake kabla ya kujaza fomu.

Wananchi wanaohitaji kusomewa hati zao za bima au kusaidiwa kuandaa wosia wanaweza kufika Kitengo cha Sheria cha Halmashauri, au kumwona msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Wosia unaweza pia kuandaliwa na kuhifadhiwa RITA. Anayefika aje na hati ya bima yenyewe, kitambulisho cha Taifa, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili majina yalinganishwe hapohapo.